Shaba, Brasi na Chuma cha Zinki katika Mfumo Mmoja wa Maji: Dhana Potofu na Ukweli

Mafundi bomba wengi wanajua kwamba bomba la shaba na bomba la chuma lililopakwa zinki havipatani, na kwamba mahali yanapokutana panapaswa kufungwa yunioni ya kuhami umeme. Wachache zaidi wanajua yunioni hiyo inazuia nini hasa, na inaacha nini kipite. Kwa sababu hiyo si ajabu kukuta mfumo uliofungwa yunioni nzuri pande zote, lakini bomba la zinki linatoboka mita chache mbele yake, na lawama zote zinamwangukia aliyeuza bomba.

Dhana: metali mbili tofauti zikigusana, lazima moja ilike.

Kugusana peke yake hakutoshi. Ulikaji wa aina hii unahitaji mambo manne kwa pamoja: metali iliyo tayari zaidi kupoteza elektroni, metali isiyo tayari kuzipoteza, njia ya metali ya kupitishia elektroni hizo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na maji yanayogusa pande zote mbili ili ioni nazo zipite na kuukamilisha mzunguko. Zinki iko tayari sana, chuma kinafuata, na shaba iko mbali nyuma yao. Katika vipimo sanifu vya maabara, zinki husimama kwenye volti hasi 0.76, chuma kwenye hasi 0.44 na shaba kwenye chanya 0.34. Ndani ya maji ya bomba namba hizo hubadilika, lakini mpangilio katika maji baridi ni huohuo: zinki huliwa kwanza, kisha chuma kilichokuwa chini yake, na shaba hubaki salama.

Ondoa jambo moja kati ya hayo manne, na ulikaji wa aina hii unakoma. Klampu ya chuma inayoshika bomba la shaba kwenye ukuta mkavu inaweza kukaa miaka mingi bila kuonyesha dalili yoyote, ilhali klampu hiyohiyo ikiwa chini ya kiungio kinachovuja matone itaoza mapema.

Dhana: kila mchanganyiko una hatari ileile.

Kinachoamua kasi ya uharibifu ni tofauti ya volti pamoja na uwiano wa maeneo yanayoguswa na maji. Shaba inapokuwa kubwa na chuma kidogo, mkondo wote unaotokana na eneo lile kubwa unalipwa na kipande kile kidogo, nacho huisha haraka. Mabaharia wa Uingereza walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1761 meli ya kivita ya Alarm ilifunikwa mabamba ya shaba sehemu yake ya chini na kupigiliwa misumari ya chuma, na ilipokaguliwa miaka miwili baadaye misumari mingi ilikuwa imeliwa vibaya. Iliyosalimika ni ile ambayo karatasi iliyofungia mabamba ilikuwa imebaki katikati, ikaitenga na shaba. Karatasi hiyo, iliyobaki kwa bahati tu, ilifanya kazi ambayo leo tunaifanya kwa gasketi ya mpira.

Kwa mantiki hiyohiyo, nipo fupi ya zinki kati ya mabomba mawili marefu ya shaba ni kosa baya kuliko yote katika mada hii. Koki ya brasi kwenye bomba refu la zinki ni habari nyingine kabisa: eneo la brasi ni dogo, la zinki ni kubwa, na uharibifu unatawanyika kiasi kwamba koki za namna hiyo zimedumu kwa miongo katika majengo mengi. Ama brasi na shaba, hizo ni jirani mno katika mpangilio wa metali, na kufunga yunioni ya kuhami kati yake ni kupoteza fedha.

Dhana: utepe wa tefloni kwenye nyuzi unatenganisha metali.

Hautenganishi. Nyuzi zinapokazwa, ncha zake huukata utepe na metali hugusana mahali pengi. Utepe unabaki kujaza mianya ili maji yasivuje, na hiyo ndiyo kazi yake.

Dhana: ukiweka kipande cha brasi katikati ya shaba na zinki, tatizo limekwisha.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Brasi ni aloi ya shaba na zinki, na watu hudhani kwamba kwa kuwa ina zinki ndani yake, itakaa katikati kama mpatanishi. Kwa hakika inasimama karibu sana na shaba, kwa hiyo mpaka kati ya brasi na bomba la zinki una karibu volti ileile. Faida inayopatikana inatokana na umbali: kipande kirefu cha brasi, tuseme sentimita 15, kinaisogeza shaba mbali na chuma, na maji yaliyo katikati yana ukinzani wake. Kiungio kifupi hakina faida hiyo. Isitoshe, katika maji ya aina fulani brasi ya kawaida hupoteza zinki yake yenyewe, ikageuka rangi ya waridi na kuwa laini kama sifongo ndani, ingawa umbo la nje linaonekana zima.

Dhana: yunioni ya kuhami ikishafungwa, pande mbili zimetengana kabisa.

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, na panastahili kuelezwa kwa nafasi. Yunioni hii ina upande wa chuma wenye nyuzi, upande wa shaba au brasi, gasketi kati ya nyuso mbili, na pete ya plastiki inayozuia nati isizigusanishe. Inavunja jambo moja tu kati ya yale manne: njia ya elektroni ndani ya metali. Fundi anayelehemu mkia wa shaba yunioni ikiwa imekwisha kufungwa anaiyeyusha pete ile, na anayekaza nati kupita kiasi anaiponda gasketi. Katika hali zote mbili metali zinakutana tena bila kuonekana kwa nje. Mkia unapaswa kulehemiwa ukiwa peke yake, uachwe upoe, ndipo sehemu nyingine zikusanywe.

Hata ikifungwa vizuri, yunioni inaweza kuzungukwa. Bomba la shaba na bomba la zinki yakishikwa kwenye nondo moja ya chuma, au yote mawili yakiunganishwa na waya wa ardhi, elektroni zinapata njia nyingine na yunioni inabaki pambo. Njia rahisi ya kujua ni kuweka mita kwenye milivolti za mkondo mnyoofu, ncha moja kwenye shaba iliyosuguliwa na nyingine kwenye chuma kilichosuguliwa, bomba likiwa na maji. Ikiwa pande zimetengana kweli, kwa kawaida mita itaonyesha mamia ya milivolti, kwa sababu kila metali imebaki na volti yake. Ikisoma karibu na sifuri, tafuta mahali zinapounganishwa. Naamini kipimo hiki kuliko kile cha ukinzani, kwa sababu volti ya metali zenyewe huvuruga usomaji wa omu.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna yunioni inayoweza kulizuia. Chukua mfano wa jengo lenye bomba la wima la zinki linaloteremka kutoka kwenye tangi. Mita 6 za katikati zimeharibika, zikabadilishwa kwa shaba, na yunioni za kuhami zikafungwa juu na chini. Miaka kadhaa baadaye viungio vyote viwili ni vizima, mita inasoma volti nzuri, lakini bomba la zinki lililo chini ya shaba linatoa tundu baada ya tundu. Ukilipasua kwa urefu, sehemu iliyo juu ya shaba ina kutu nyembamba iliyosambaa, na sehemu iliyo chini ina vichuguu vya kutu vilivyotawanyika, kila kimoja kikificha shimo linalochimba kuelekea nje.

Sababu ni kwamba shaba kidogo huyeyuka katika maji, hasa yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha na yenye asili ya asidi kidogo. Ioni hizo husafiri na maji, zikifika kwenye zinki zinageuka kuwa chembe za shaba zinazoganda ukutani, na kila chembe inakuwa kathodi ndogo, yaani upande usioliwa, iliyogusana na chuma moja kwa moja, mbali na yunioni yoyote. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, pungufu ya miligramu moja kwa lita.

Kwa hiyo katika mfumo ambao maji yanakwenda upande mmoja, zinki itangulie na shaba ifuate, kamwe isiwe kinyume. Katika jengo la mfano wetu, zile mita 6 zilipaswa kuwa za plastiki, au sehemu yote iliyo chini yake ibadilishwe pamoja nazo. Katika mfumo wa maji moto unaozungushwa na pampu, hakuna mwanzo wala mwisho. Maji yaliyopita kwenye shaba yanarudi kwenye zinki kila mzunguko, na huko mchanganyiko huo haufai hata kidogo. Joto nalo linaongeza ubaya wake: katika baadhi ya maji, kuanzia nyuzi 60 za selsiasi hivi, zinki inaweza kuacha kukilinda chuma na kukigeuza kuwa ndicho kinacholiwa.

Dhana: waya wa ardhi ukikatizwa na yunioni, unganisha tu pande mbili kwa waya.

Katika majengo ya zamani bomba la metali mara nyingi ndilo lililobeba ardhi ya umeme, na kufunga yunioni bila kumwita fundi umeme kunaweza kuacha sehemu ya jengo bila kinga. Kuziunganisha pande mbili kwa waya kunarudisha usalama huo, lakini kunaifuta kazi ya yunioni. Uhai wa watu unatangulia uhai wa bomba, na pale kanuni za umeme zinapotaka pande zote mbili ziunganishwe, basi ziunganishwe na kifaa kibadilishwe.

Kinachofaa hapo ni kipande kirefu cha bomba la plastiki, au nipo ndefu ya chuma iliyofunikwa plastiki ndani. Pengo la milimita 2 ndani ya yunioni yenye tundu la milimita 15, likijaa maji yenye upitishaji wa mikrosimensi 500 kwa sentimita, lina ukinzani wa omu 230 hivi tu. Sentimita 15 za maji hayohayo zina omu 17,000 hivi. Elektroni zitapita kwenye waya wa ardhi kama zinavyotaka, lakini ioni zitalazimika kupenya safu ile ndefu ya maji, na mkondo unaobaki ni wa kiasi cha mikroampea thelathini au pungufu, ambao hauwezi kumaliza hata nusu gramu ya zinki kwa mwaka.