Kipengele cha usalama kwenye bajeti ya mradi: kwa nini hukatwa, na jinsi ya kukitetea

Tangu dirisha la mwisho la maombi ya ruzuku lifungwe, ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kutoka kwa mashirika yanayofanya kazi Garissa, Wajir, Mandera na Lamu. Lalamiko ni lile lile: mmetukatia pesa za usalama. Wengine wameenda mbali zaidi na kusema kwamba wafadhili hawataki kuona neno usalama kwenye bajeti, kwa hiyo ni afadhali kulificha ndani ya usafiri au ndani ya gharama za ofisi.

Tafadhali msifanye hivyo. Gharama za usalama zinakubalika, na zinakubalika kama gharama za moja kwa moja za mradi, mradi tu ziwe za lazima kwa kazi inayoombewa pesa, ziwe za kiasi, na ziwe na karatasi. Tunachokata ni kile tusichoweza kukitetea sisi wenyewe mbele ya mkaguzi.

Sura ya kawaida ya ombi linalokatwa ni hii. Shirika linaomba shilingi milioni 24 kwa mwaka kuendesha kliniki tembezi kutoka Garissa mjini kwenda vijiji vinne upande wa Hulugho. Mwishoni mwa bajeti kuna mstari mmoja: "Usalama, 3%, shilingi 720,000." Hakuna kingine. Ukiuliza 3% imetoka wapi, unaambiwa ndiyo kawaida. Si kawaida ya mtu yeyote. Asilimia haimwambii msomaji unanunua nini, na pesa zikipungua mahali fulani, mstari usiojieleza ndio wa kwanza kuguswa. Tena inawezekana kabisa kwamba 720,000 hazikutosha tangu mwanzo.

Tuifanye upya bajeti hiyo hiyo, safari hii tukianzia barabarani. Mna safari 4 kwa mwezi. Miezi 2 ya mvua kubwa barabara hazipitiki, kwa hiyo mna miezi 10 ya kazi, yaani safari 40. Tathmini yenu ya hatari inasema nini kuhusu barabara hiyo? Tuseme inataja mambo mawili makubwa: vilipuzi vinavyotegwa barabarani, na gari kuharibika mahali ambapo simu za kawaida hazishiki na giza linaingia. Kila hatari lazima iwe na hatua zake, na kila hatua lazima iseme ni ya bure au ina bei.

Anza na za bure, na uziandike. Kubadilisha siku na saa za kuondoka. Kumpigia chifu na wazee wa kijiji jana yake na asubuhi ya safari. Kuahirisha safari wakisema hali si nzuri. Waombaji wengi huruka sehemu hii wakidhani haituhusu kwa kuwa haina pesa. Inatuhusu sana, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba mnachoomba kulipiwa ni kile tu ambacho hatua za bure haziwezi kukimaliza.

Kisha zenye bei. Timu ni ya watu 6, na gari moja aina ya Land Cruiser linawatosha na dawa zao. Mhakiki atauliza mara moja: gari la pili la nini? Jibu liwepo kwenye maelezo ya bajeti kabla hajauliza: gari moja likikwama au likishambuliwa, timu haina njia ya kutoka, na kanuni ya shirika inakataza gari kwenda peke yake nje ya mji. Gari la kwanza libaki kwenye usafiri, kwa sababu mngelihitaji hata barabara ingekuwa salama. La pili ndilo gharama ya usalama. Likikodiwa kwa shilingi 15,000 kwa siku, dereva na mafuta yakiwemo, safari 40 ni shilingi 600,000. Hapo anayesoma anaona hatari, hatua, idadi na bei katika sentensi moja.

Afisa usalama ni suala jingine linalochanganya watu. Kama anahudumia miradi mitatu, huwezi kuweka mshahara wake wote kwetu, na pia huna sababu ya kuogopa kuweka sehemu yetu. Akilipwa 120,000 kwa mwezi, na jedwali lake la muda wa kazi likionyesha kwamba 40% ya muda wake ni ya mradi huu, sehemu yetu kwa mwaka ni 576,000. Tunachotaka ni jedwali lililojazwa kila mwezi na kutiwa saini na msimamizi wake. Jedwali lililojazwa siku moja kwa mwaka mzima, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, linatambulika haraka sana. Na jumla ya miradi yote mitatu isipite 100%. Hili nililidhani liko wazi, lakini limetokea mara nyingi mno kulinyamazia.

Tuseme simu ya setilaiti na muda wake wa maongezi, vifaa vya kuzuia damu, mafunzo ya huduma ya kwanza na nyongeza ya bima vinafika shilingi 644,000. Jumla sasa ni 1,820,000, karibu 7.6% ya bajeti. Ni zaidi ya maradufu ya zile 720,000, na ni rahisi zaidi kuipitisha. Mkitaka kuipunguza wenyewe, mnajua mnachokiacha: mkiondoa gari la pili, kanuni yenu wenyewe inazuia safari zote 40 na kliniki haipo. Andikeni sentensi hiyo. Maelezo ya bajeti yanayosema ni shughuli gani itasimama kipengele kikikatwa ndiyo yenye nguvu kuliko kurasa za takwimu kuhusu hali ya usalama nchini.

Nasikia hoja kwamba haya yote ni urasimu. Basi tukumbuke Dadaab. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili raia wa Uhispania wa Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa kambini. Miezi minane baadaye, tarehe 29 Juni 2012, msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norwei ulishambuliwa kambini humo humo, ukiwa hauna ulinzi wa silaha. Dereva aliuawa, na wafanyakazi wanne walitekwa na kuvushwa hadi Somalia kabla ya kuokolewa siku chache baadaye. Mmoja wao alishtaki, na Novemba 2015 Mahakama ya Wilaya ya Oslo iliamua kwamba mwajiri alifanya uzembe mkubwa, ikaamuru fidia ya takriban krona milioni 4.4. Kiini cha uamuzi huo ni kwamba hatari ya utekaji ilikuwa inaonekana mapema na hatua za kuipunguza zilikuwepo. Kwa hiyo tathmini yenu ya hatari inabeba uzito wa kisheria. Mkiandika kwamba hatari ni kubwa, halafu bajeti isiwe na kitu, mmeweka kwenye maandishi kwamba mlijua.

Hilo halina maana kwamba kila msafara uwe na askari. Kuna vijiji ambako askari ndio wanaoifanya timu ilengwe, na kuna barabara ambako bila wao hupiti. Tunachohitaji ni sababu ya uamuzi wenu, upande wowote mtakaouchukua.

Mkiamua kusindikizwa na polisi, hapo ndipo gharama nyingi hukataliwa, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Kunapaswa kuwa na barua yenu ya ombi kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, jibu lake, orodha ya askari kwa kila safari yenye tarehe na saini zao, na uthibitisho wa malipo. Kama ni posho, ilipwe kwa M-Pesa na taarifa ya muamala ihifadhiwe. Kama ni mafuta, risiti ioneshe namba ya gari lililojazwa. Karatasi moja ikikosekana, tunauliza kwa maandishi. Majibu yasiporidhisha, gharama inakataliwa na shirika linarejesha pesa hizo kutoka kwenye mapato yake mengine. Haziwezi kurejeshwa kutoka ruzuku ile ile, wala ruzuku ya mfadhili mwingine. Isiporejeshwa, awamu inayofuata inazuiwa. Mashirika madogo yameyumba kwa sababu ya risiti za mafuta, na inaniuma, maana mafuta yenyewe yalitumika.

Pesa anazodai mtu yeyote mwenye silaha asiye askari wa serikali, ziitwe kodi au ada ya kupita, haziingii kwenye bajeti kwa jina lolote. Kuzilipa kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012. Njia ambayo haipitiki bila malipo hayo haipitiki.

Sasa bima. Wengi wananiambia tayari wana bima ya lazima chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile inayojulikana kama WIBA. Fungueni hati ya bima na msome vitu isivyovigharamia. Hati nyingi huacha nje vita na ugaidi hadi mlipie nyongeza. Timu inayokwenda Hulugho bila nyongeza hiyo haina kinga dhidi ya hatari ile ile mliyoiandika kwanza kwenye tathmini. Pia muulize nani hayumo kabisa. Dereva wa gari la kukodi ni wa mwenye gari. Wahudumu wa kujitolea wa kijijini mara nyingi hawana mkataba wa ajira. Hao wawili ndio huwa barabarani kila safari, na ndio sioni majina yao kwenye bajeti nyingi. Kwa dereva, wekeni sharti la bima kwenye mkataba wa kukodi gari na mwombe nakala. Kwa wanaojitolea, kateni bima ya ajali ya kikundi na mtuombee pesa zake waziwazi. Tutazipitisha.

Msiandike njia, saa za kuondoka wala majina ya wanaowapa taarifa kwenye bajeti. Hati hiyo inasomwa na watu wengi, kwetu na kwenu. Andikeni idadi ya safari na aina ya hatari. Mpango wenyewe wa safari tutausoma ofisini kwenu tukija ukaguzi.

Wakati wa ukaguzi wa nusu mwaka tunalinganisha mambo mawili: safari mlizoripoti na matumizi ya kipengele cha usalama. Safari 20 zimefanyika na gari la pili halijalipiwa hata mara moja? Basi timu ilikwenda na gari moja, kinyume cha kanuni yenu, na tutazungumza na mkurugenzi kabla ya kuzungumza na mhasibu. Hali ikibadilika na mkahitaji zaidi, mikataba mingi huruhusu kuhamisha pesa kati ya vipengele hadi kiwango fulani, mara nyingi 10%. Kiwango chenu kimo kwenye mkataba wenu. Zaidi ya hapo mnahitaji idhini ya maandishi kabla ya kutumia. Barua pepe yenye tarehe, tukio lililobadilisha hali na hesabu mpya inatosha kuanzia. Maombi ya aina hiyo hayasubiri zamu nyuma ya mengine.