Pini juu ya paa la mtu: mahali halisi pa nyumba na picha iliyopigwa na mwingine

Mahali halisi pa nyumba ni maelezo yoyote yanayomwezesha mtu asiyekujua kufika getini kwako bila kumuuliza mtu njiani. Yanaweza kuwa namba za GPS, pini kwenye ramani, au sentensi moja tu chini ya picha. Picha ikiwa imepigwa na mwingine, tuseme mpita njia aliyevutiwa na nyumba, mwenye kuishi humo yuko katika hali ya ajabu kidogo: hakuipiga, hakuiweka mtandaoni, na mara nyingi hajui kama ipo.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa aina yake. Nyumba nyingi za Kisumu na Nakuru hazina namba, na barabara za mitaa mipya hazina majina yanayojulikana na wengi. Mgeni huelekezwa kwa mdomo: shukia Mamboleo, fuata barabara ya vumbi hadi kwenye posho mill, hapo ulizia kwa yule mwalimu aliyestaafu. Sisi wenyewe hulalamika kwamba mfumo huu ni wa usumbufu, lakini una faida ambayo hatuihesabu. Mwenye duka amemwona mgeni. Bodaboda aliyembeba anaukumbuka uso wake. Mama wa jirani ameshauliza, "Unamtafuta nani?" na asiporidhika na jibu anasema hamjui. Kila anayetaka kufika kwako anapita mbele ya macho ya watu, na anajua ameonekana. Namba za GPS zinamruhusu kupita bila kuuliza, hata saa nane za usiku.

Sasa tuangalie namba zenyewe, kwa sababu hatari imo katika tarakimu zilizo baada ya nukta. Simu ikiwa imeruhusiwa kutumia lokesheni, kamera huandika ndani ya faili ya picha, katika sehemu inayoitwa EXIF, mahali iliposimama. Mtu anayetumia programu ya ExifTool kwenye kompyuta huisoma hivi:

```
exiftool -GPSPosition picha.jpg
GPS Position : 0 deg 16' 41.30" S, 34 deg 36' 11.77" E
```

Nimechagua namba zinazoangukia majini, katika Ghuba ya Winam, ili nisimwonyeshe mtu kwa mwenyewe. Kwa mtindo wa desimali ni -0.27814, 34.60327. Digrii moja ni takriban kilomita 111, na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, hesabu hiyo inashika kaskazini hadi kusini na pia mashariki hadi magharibi. Tarakimu moja baada ya nukta, basi, ni hatua za kilomita 11. Mbili ni kilomita 1.1. Tatu ni mita 111, nne ni mita 11, na tano ni kama mita moja. Mwenye tarakimu mbili anajua uko upande gani wa mji, mwenye nne anajua ploti. Simu huandika zaidi ya hizo, ingawa kipokezi chake chenyewe hukosea kwa mita kadhaa, na zaidi kukiwa na miti au majengo marefu.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa. Namba zilizo ndani ya picha ni za mahali kamera iliposimama, wala si za nyumba. Aliyepiga akiwa barabarani na kuvuta kwa zumu anaweza kuwa mita 200 kutoka kwenye nyumba yenyewe. Baadhi ya simu, hata hivyo, huandika pia upande kamera ilikoelekezwa, kwenye sehemu inayoitwa `GPSImgDirection`, kwa nyuzi kuanzia kaskazini. Ukichora mstari kutoka alipokuwa mpigaji kuelekea upande huo, unaipata nyumba. Na palipo na hazina ya picha za wazi kama Wikimedia Commons, mtu anaweza kuongeza kwa mkono mahali pa kitu kilichopigwa picha, mbali na mahali pa kamera. Hapo ndipo mtu mwenye nia njema kabisa anapofungua picha za setilaiti, akalitambua paa, na kuweka pini juu yake kwa tarakimu tano. Kwa daraja au kanisa hiyo ni kazi nzuri. Kwa nyumba ya mtu binafsi, kosa lile la mita 200 lilikuwa na manufaa, na yeye ameliondoa.

Chukua mfano huu wa kubuni. Kwenye mteremko wa Riat, juu ya Kisumu, kuna nyumba ya ghorofa moja yenye mabati ya maruni na baraza linalotazama ziwa. Mpenda picha anaipiga akiwa barabarani kwa sababu ya usanifu wake, anaiweka mtandaoni na maelezo: "Nyumba ya kisasa, Riat." Mpaka hapo si neno. Wiki chache baadaye mwingine anaongeza pini juu ya paa. Wa tatu, anayeufahamu mtaa, anaandika kwamba ni ya daktari fulani. Hakuna kati yao anayejua kwamba mwenye nyumba ameipangisha, na kwamba anayeishi humo ni mwanamke aliyehama Nakuru na watoto wawili kumkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Gari lake limeegeshwa uani, na namba yake inasomeka ukiikuza picha.

Mume hakuhitaji kulijua jina la daktari. Kilichomtosha ni mtu mmoja kumwambia kwamba mkewe anaonekana Riat, kisha apekue picha za Riat hadi alione gari. Kila kipande kilikuwa kidogo: picha, pini, maelezo, namba ya gari, umbea. Mpiga picha anaweza kusema kwa haki kwamba nyumba inaonekana barabarani na kila mtu anaiona. Ni kweli, lakini wanaoiona barabarani ni wapitao Riat, na huyu hakuwa miongoni mwao. Ndiyo sababu hoja ya "si siri, inaonekana" hainiingii akilini. Kuonekana na kupatikana kwa kutafuta ni mambo mawili.

Na si kesi za ndoa peke yake. Picha yenye tarehe ikionyesha madirisha yamefungwa na nyasi zimemea humwambia mwizi kwamba wenyewe wako ng'ambo. Na aliyekuwa Nakuru mwezi wa Januari 2008, nyumba zilipokuwa zikichomwa kwa kutazama kabila la mwenyewe, hahitaji kuelezwa kwa nini jina la familia na pini juu ya paa havipaswi kukaa pamoja.

Dawa ya kwanza inayotajwa ni kufuta namba, na amri yake ni fupi:

```
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Angalia tu kwamba programu hii huacha faili ya zamani pembeni, ikiitwa `picha.jpg_original`, nayo bado ina namba zote. Wapo waliosafisha kisha wakatuma folda nzima. Tofauti nyingine ya kujua: WhatsApp huondoa namba hizo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama dokumenti hufika nzima, na EXIF yake ndani.

Dawa ya pili ni kupunguza tarakimu, na hapa inafaa kufikiri badala ya kufuata kanuni moja. Tarakimu mbili ni eneo la kama kilomita moja kila upande. Nyalenda eneo hilo lina nyumba nyingi mno, na mtafutaji atachoka. Seme au Vihiga vijijini huenda likawa na nyumba moja tu ya ghorofa yenye mabati ya maruni, na mwenye picha mkononi ataimaliza kazi yake kwa matembezi ya asubuhi. Kadiri nyumba inavyokuwa ya pekee katika eneo lake, ndivyo unavyopaswa kupanua eneo: tarakimu moja, au jina la kaunti ndogo bila namba yoyote.

Wengine hupenda kuisogeza pini ovyo, mita mia tano huku au kule. Kwa picha moja inasaidia. Kwa picha kumi za nyumba ileile, kila moja ikiwa imesogezwa upande wake, anayejua hesabu atachukua wastani wa pini kumi na kusogea karibu zaidi na mlango. Kufupisha tarakimu hakuna udhaifu huo, kwa maana kila picha iliyopigwa kutoka sehemu moja itatoa jibu lilelile.

Hata hivyo picha isiyo na namba bado inaweza kusema. Mgongo wa Menengai nyuma ya paa, mnara wa simu upande wa kushoto, namba iliyopigwa kwenye nguzo ya umeme, tangi la maji linaloonekana vizuri kwenye setilaiti: mtu mvumilivu hupatanisha hivi na ramani. Kwa hiyo ukipiga nyumba ya mtu, chunguza pembe za picha kabla ya kuchunguza EXIF, na ukate kilicho cha ziada. Namba ya gari na watoto uani vifichwe bila mjadala.

Sheria nayo inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, ikiwemo kutofichuliwa isivyo lazima kwa habari za familia au mambo binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja mahali kuwa miongoni mwa vitambulishi vinavyoweza kumtambulisha mtu, na inaweka maelezo ya mali ya mtu katika kundi la data nyeti, jambo linalowashangaza wengi. Inaacha nje matumizi ya binafsi au ya nyumbani, na ina msamaha kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, kwa hiyo mpiga picha hana hatia kwa kupiga tu. Mwenye kudhurika anaweza kuomba data ifutwe, na akikataliwa apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90.

Siku 90 ni nyingi kwa mwanamke wa Riat. Njia ya haraka ni kumwandikia mpiga picha au wasimamizi wa tovuti, na ombi liwe mahususi: ondoeni pini na jina, picha ibaki mkitaka. Wengi hukubali ombi la namna hiyo kuliko la kufuta kila kitu. Usieleze hadharani unamkimbia nani. Andika kwa barua pepe ya faragha, maana ombi lenyewe likiwekwa wazi linathibitisha kwamba uko hapo. Na wakishaondoa, fungua historia ya ukurasa. Kwenye Commons, toleo la zamani la maelezo hubaki likisomeka kwa yeyote, na faili ya zamani yenye EXIF hubaki chini ya ile mpya, mpaka msimamizi ayafiche yote mawili. Mwombe afanye hivyo kwa jina la faili na tarehe ya toleo, kisha urudi kuangalia.