Kukata sauti kwa kufuata maandishi: yanayodhaniwa na yalivyo

Chukua mahojiano ya dakika 20 yaliyorekodiwa asubuhi katika Soko la Feri jijini Dar es Salaam, huku nyuma mnada wa samaki unaendelea. Dakika ya 3 na sekunde 40 mchuuzi anasema: "Bei haikupanda sana, eeh, yaani ilipanda Jumamosi tu." Mhariri amesoma maandishi, ameona "eeh, yaani" haina kazi, na anataka kuitoa.

Dhana: Ukifuta neno kwenye maandishi, sauti nayo inakatika palepale linapoanzia.

Muda ambao programu ya kunukuu huuandika kando ya kila neno ni makadirio. Unakuonyesha pa kutazama, lakini mahali hasa pa kupitisha kisu utapajua kwa sikio. Kiswahili kinaongeza ugumu wake, kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na msemaji anayezungumza haraka huunganisha irabu hiyo na ile inayofuata. Katika "yaani ilipanda" hakuna i mbili zinazosikika. Ipo i moja ndefu, na programu imeigawa katikati kwa kukisia. Ukikata hapo bila kusikiliza, "ilipanda" inaanza kwa mshindo mdogo, kama ulimi umegonga kipaza sauti.

Hatua zake katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni hizi. Tuseme maandishi yanaonyesha kipande cha kutolewa kinaanza `00:03:41,700` na kuishia `00:03:42,620`. Geuza muda huo uwe sekunde tupu, yaani 3 × 60 + 41.7, na uweke nukta badala ya mkato. Uandike kwenye faili la maandishi matupu, ukitenganisha sehemu tatu kwa kitufe cha Tab:

```
221.700	222.620	toa: eeh yaani
```

Liingize faili hilo kupitia `File > Import > Labels`, na alama itakaa chini ya wimbi la sauti. Sasa vuta picha karibu mpaka uone mawimbi moja moja. Mwanzo wa mkato uweke kwenye utulivu baada ya "sana". Mwisho usogeze kidogo kidogo ndani ya ile i ndefu, ukisikiliza kila mara, mpaka mlio wa n wa "yaani" upotee. Bonyeza `Z` ili kingo zote mbili zikae pale wimbi linapovuka sifuri, kisha futa. Kama bado panagonga, pandisha sauti taratibu kwa milisekunde 10 mwanzoni mwa i.

Vipande vikiwa vingi, anza kukata cha mwisho urudi nyuma kuelekea cha kwanza. Mkato huu mmoja unaondoa sekunde 0.92, na kila kilicho mbele yake kinasogea kwa kiasi hicho. Ukianzia mwanzo, kufikia mkato wa kumi muda ulioandikwa utakuwa umeachana kabisa na sauti.

Dhana: Maandishi yaliyosafishwa ndiyo mazuri ya kukatia.

Hayo ni mazuri ya kusomwa. Ya kukatia yawe na kila kilichotamkwa: eeh, marudio, hata neno lililokatishwa. Aliyesafisha akiondoa "eeh" kwenye karatasi, mhariri anaamini "sana" na "yaani" zimekaa jirani, kumbe kati yake kuna mlio ambao utabaki ukining'inia.

Tena "eeh" yenyewe haina maana moja. Mara nyingine mtu anatafuta neno, mara nyingine anaitikia swali, na hapo ndiyo jibu lake. Kwenye karatasi zote zinafanana, kwa hiyo sikiliza kwanza kabla ya kuifuta. Ndivyo ilivyo hata kwa "sana" katika sentensi yetu. Ukiitoa ili kufupisha, mchuuzi anabaki akisema "bei haikupanda, ilipanda Jumamosi tu", na umemfanya ajipinge mwenyewe.

Dhana: Maneno yakiungana vizuri, mkato hausikiki.

Maandishi hayana mnada. Hayana honi ya kivuko cha Kigamboni wala injini ya boti. Honi ikiwa inalia nyuma ya "eeh", kuitoa "eeh" kunaikata honi katikati, na msikilizaji anaisikia ikizimika ghafla hata kama maneno ni safi. Mahali kama hapo acha "eeh" ibaki, haimdhuru mtu.

Pasipo na honi, tatizo huwa pumzi. Baada ya "sana" msemaji alitua, na huenda utulivu uliobaki ni mfupi mno. Kuongeza kimya kitupu ni kosa, kwa sababu soko zima linanyamaza kwa theluthi ya sekunde. Ndiyo maana anayerekodi Feri anapaswa kuchukua sauti ya soko peke yake, bila anayehoji wala anayehojiwa kuzungumza, kwa sekunde 30 au zaidi akiwa amesimama palepale na kipaza sauti kilekile. Kutoka humo unakata sekunde 0.3, unaipachika baada ya "sana", na kuziingiza kingo zake taratibu katika sauti ya pande zote mbili.