Chanjo ya malaria: ile asilimia 36 yahesabu nini?

"Nimesoma kuwa chanjo ya malaria ya watoto ilifanya kazi kwa asilimia 36 tu. Basi watoto 64 katika kila 100 wachomwa sindano kazi bure? Na mbona ripoti hiyohiyo yasema wagonjwa 1,774 waliepushwa kwa watoto 1,000? Wagonjwa wanazidije watoto?" Mzazi, Likoni.

Hapana. Asilimia ile haihesabu watoto, yahesabu mara walizougua. Mtoto mmoja aweza kupata malaria mwezi wa Mei, akapona, akaipata tena Novemba, na mwaka ujao vilevile. Watafiti waliandika kila mara kama tukio lake. Kwa hivyo lisome jambo hivi: pale ambapo watoto wasiochanjwa waliugua malaria mara 100, idadi ileile ya watoto waliochanjwa waliugua karibu mara 64. Hakuna watoto 36 waliojengewa ukuta na 64 walioachwa nje.

Hapo ndipo ile 1,774 inapoeleweka. Tupige hesabu ya kukadiria. Watoto 1,000 wasiochanjwa, kila mmoja akiugua mara 5 kwa miaka minne, hizo ni mara 5,000. Punguza asilimia 36, umeondoa mara 1,800. Ukubwa ni uleule wa ripoti, na hakuna mtoto aliyehesabiwa kimakosa. Neno "wagonjwa" ndilo lililopotosha. Sahihi ni "mara za kuugua".

Utafiti wenyewe ni ule wa chanjo ya RTS,S, uliofanywa kuanzia 2009 hadi 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi kikiwa kimojawapo. Matokeo ya mwisho yalichapishwa 2015. Namba unazouliza ni za watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17, waliopata dozi tatu kisha ya nne mwaka mmoja na nusu baadaye. Wale walioanza wakiwa wachanga wa wiki 6 hadi 12 walipata kinga ndogo zaidi, asilimia 26 kwa dozi nne. Muhtasari unaoandika "asilimia 36" bila kutaja umri na dozi umekata nusu ya habari.

Kuna maneno mengine matatu ambayo hupotea njiani.

La kwanza ni "ikilinganishwa na". Ikilinganishwa na nani? Kundi lisilopata RTS,S halikuachwa mikono mitupu: watoto wa umri huo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili wao pia wafaidike na kitu. Na makundi yote yalipewa vyandarua vyenye dawa. Kwa hiyo 36 ni nyongeza juu ya chandarua, si badala yake. Ukimweleza jirani namba hiyo bila chandarua, umemdanganya pasipo kukusudia.

La pili ni "malaria" yenyewe. Hapa ilimaanisha mtoto aliyeletwa kituoni akiwa na joto la 37.5 au zaidi, na damu yake ikiwa na zaidi ya vimelea 5,000 katika kila mikrolita, yaani tone dogo mno. Homa iliyotibiwa nyumbani kwa dawa za dukani haikuingia daftarini.

La tatu ni ukingo wa namba. Watafiti waliandika 36, na pembeni yake 32 hadi 41. Maana yake ni kwamba kwa watoto waliopimwa, kinga halisi yaweza kuwa popote katikati hapo. Kwa malaria kali ukingo ni mpana zaidi: asilimia 32, lakini yaweza kuwa 14 au 47, kwa sababu malaria kali ni chache na hesabu ya vitu vichache huyumba. Na tazama hili: waliokosa dozi ya nne, kinga yao dhidi ya malaria kali kwa muda wote ilikuwa kama asilimia 1, sawa na hakuna. Lau ningeruhusiwa kubakiza sentensi moja ya utafiti mzima kwa mzazi, ningebakiza hiyo.

Kuna jambo ambalo mwandishi mwoga angelificha na mpenda kelele angelipa kichwa cha habari. Katika makundi mawili yaliyochanjwa, la dozi nne na la dozi tatu, kila moja likiwa na watoto karibu 3,000, homa ya uti wa mgongo ilionekana kwa watoto 11 na 10. Katika kundi lisilopata RTS,S, mtoto 1. Watafiti hawakusema chanjo ndiyo iliyosababisha, wala hawakulifunika: walitaka lifuatiliwe. Lilifuatiliwa kwa watoto wengi zaidi kuanzia 2019 huko Malawi, Ghana na magharibi mwa Kenya, na ongezeko hilo halikuonekana. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo Oktoba 2021.

Mwisho, usiibebe ile 1,774 moja kwa moja hadi Likoni. Ni wastani wa vituo vyote. Siaya, ambako mbu wa malaria ni wengi, mara zilizoepushwa zilikuwa nyingi mno kuliko Kilifi, kwa kuwa huwezi kupunguza homa ambazo hazikuwapo.