Maji ya moto ya kuvumilika hayaui vijidudu

"Tukiosha kwa sabuni na maji ya moto, sinki la tatu la nini?"

Maji ambayo mkono unayavumilia, nyuzi 43 hadi 45 hivi, hulegeza mafuta ya samaki, lakini vijidudu vingi hubaki hai. Kwa hiyo mgahawani Mtwara, sahani iliyosuguliwa sinki la kwanza na kusuuzwa la pili bado huzamishwa kwenye la tatu, lenye maji ya nyuzi 77, kwa nusu dakika. Kuni ni ghali? Tia vijiko vinne vya chakula vya klorini ya asilimia 3.5 katika lita 20 za maji, uzamishe dakika moja. Sabuni na mabaki ya chakula huidhoofisha klorini, basi usiruke sinki la pili la kusuuza. Vyombo vikauke vyenyewe; kitambaa hurudisha uchafu.

Mashine ya kuoshea vyombo husuuza sahani na sufuria kwa nyuzi 82 hivi. Glasi hupewa joto pungufu, zisififie.