Kusitisha Matangazo Yaliyopangwa Wakati wa Msiba

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa 3 asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na Uwanja wa Ndege wa Bukoba, na watu 19 wakafariki dunia. Ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa asubuhi hiyo, ilhali matangazo yaliyopangwa tangu Ijumaa hutoka kwa saa yake hata kama hakuna mtu kazini.

Tuchukulie wakala wa safari aliyepanga picha yenye maneno "Paa nasi wikendi hii" itoke saa 4 asubuhi ya siku kama hiyo, huku akilipia pia tangazo lenye picha hiyohiyo. Anapopata habari anaingia Ads Manager, sehemu ya kusimamia matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, anazima kampeni na kuamini kwamba amemaliza. Saa 4 picha inatoka vilevile, kwa kuwa chapisho lililopangwa linakaa kwenye Planner, yaani kalenda ya machapisho ya Meta Business Suite, na kuzima kampeni hakuligusi. Vivyo hivyo ujumbe mfupi wa simu kwa wateja na tangazo la redio vina ratiba zake. Redioni apigiwe simu mtu wa zamu, maana barua pepe ya Jumapili husomwa Jumatatu.

Kampeni izimwe, isifutwe. Hata hivyo, tarehe yake ya mwisho haisimami: ikiwa bajeti imewekwa kwa muda wote wa kampeni, fedha iliyobaki itatumika katika siku chache zilizosalia, kwa hiyo tarehe hiyo isogezwe mbele kabla ya kuwasha tena.

Kisha maneno yasomwe upya, na mtu ambaye hakuyaandika. "Paa", "zama kwenye ofa" na "bei zimeanguka" hayakuwa na kosa Ijumaa. Baada ya ajali ya ndege ziwani, kila moja linamrudisha msomaji kwenye ajali yenyewe. Picha ya watu wakishangilia ina tatizo hilohilo. Salamu za pole nazo hukosewa, hasa zinapowekwa juu ya kiolezo cha kawaida chenye namba ya mauzo chini yake. Kwa maoni yangu, afadhali kampuni isiyohusika inyamaze. Taarifa ambazo watu wanazihitaji, kama mabadiliko ya ratiba za safari, ziendelee bila mapambo.

Siku za maombolezo zikitangazwa, kama zile 4 baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Septemba 2018, hizo ndizo kiwango cha chini cha kusubiri. Zisipotangazwa, mhusika asubiri angalau mazishi yapite, kisha arudishe matangazo ya kawaida kwanza na ya shamrashamra mwishoni. Tangazo la "Paa nasi" halirudi na maneno hayo, liandikwe jingine.