Dawa ya kichocho umemeza, damu bado inatoka: yanayosemwa kuhusu kipimo cha kamera ya kibofu

Mtu wa Lindi au Mtwara akiona damu kwenye mkojo, jibu huwa analo kabla hajafika zahanati: kichocho. Mara nyingi hakosei, maana ugonjwa huu upo ukanda wetu tangu zamani, na wanaolima mabondeni au kuoga kwenye madimbwi yenye konokono wanaujua vizuri. Tatizo ni pale jibu hilohilo linapotolewa mara ya tatu na ya nne kwa mtu yuleyule wa makamo. Siku daktari anapotaja sistoskopi, yaani kipimo cha kamera ya kibofu, ndipo maneno ya barazani huanza.

"Ni kichocho tu, meza dawa yaishe"

Chukua mfano wa mkulima wa mpunga wa bonde la Mto Lukuledi, miaka 54, kilo 60. Aliona damu mwishoni mwa kukojoa. Akapewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwake ni vidonge 4 vya miligramu 600, akameza baada ya kula. Hiyo ni tiba sahihi. Damu ikakoma, ikarudi baada ya miezi kadhaa, akameza tena. Mara ya tatu mkojo wake ulichukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Mayai hayakuonekana, damu ipo.

Hapo kumpa vidonge vingine tu ni kubahatisha. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ile inayoishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai yaliyokwama kwenye ukuta wa kibofu kwa miaka haiyaondoi, na uvimbe wa saratani haiutibu. Mayai hayo huwasha ukuta wa kibofu mwaka baada ya mwaka, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka minyoo hii kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1994.

Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba damu inakoma. Uvimbe wa kibofu huvuja damu leo, ukanyamaza wiki kadhaa, ukaanza tena, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kwa hiyo damu kukoma baada ya vidonge si ushahidi kwamba vidonge ndivyo vilivyoikomesha. Damu inayorudi kwa mtu aliyepita miaka 40, na zaidi akiwa mvuta sigara, inahitaji kibofu kichunguliwe.

Kwa akina mama hadithi hiyo huja kwa sura nyingine: yutiai isiyoisha. Mkojo unachoma, anaandikiwa antibaotiki, anapata nafuu, anarudi. Aombe kwanza mkojo uoteshwe maabara. Kama hakuna bakteria wanaoota na dalili zinaendelea, au damu ipo wakati hayumo hedhini, kamera inaweza kuonyesha kile ambacho antibaotiki zilikuwa zinakipita pembeni.

"Utrasaundi imeonyesha kibofu safi"

Utrasaundi ni kipimo kizuri, na hata ukipigwa kamera utakihitaji, kwa sababu kamera haioni figo. Lakini uvimbe mdogo, au ule uliolala bapa kwenye ukuta, unaweza kuipita utrasaundi. Kipimo kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

"Wanakuingiza chuma, na mwanaume haamki tena"

Hili ndilo linalowakimbiza wanaume wetu, kwa hiyo tulieleze taratibu. Kuna kamera za aina mbili. Ya kwanza ni laini, inapinda, ina unene wa takriban milimita 5. Unalala chali ukiwa macho, unasafishwa, kisha jeli ya ganzi inasukumwa ndani ya njia ya mkojo na kuachwa dakika chache ifanye kazi. Jeli yenyewe huwa ya baridi na huchoma kidogo ikiingia.

Mwanamke ana njia fupi, kama sentimita 4, kwa hiyo kamera hufika haraka. Kwa mwanaume ni kama sentimita 20, na sehemu anayoisikia zaidi ni pale kamera inapopita kwenye msuli unaozuia mkojo, karibu na tezi dume. Hapo daktari atakwambia upumue nje polepole, au ujaribu kama unataka kukojoa. Ukikaza, ndipo inapouma. Kisha maji safi yanaingizwa ili kibofu kitanuke, na hapo unabanwa na haja ndogo kwelikweli. Wengi huona aibu wakidhani watajikojolea. Daktari anaijua hali hiyo. Kuchungulia kwenyewe huchukua dakika 5 hadi 10.

Aina ya pili ni ya chuma, haipindi, na hutumika sana pale panapotakiwa kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kibofu cha kupimwa maabara. Hiyo kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya sindano ya mgongoni au kwa usingizi, na miguu inaweza kubaki mizito kwa saa kadhaa. Kuhusu nguvu za kiume: mishipa ya fahamu inayosimamisha uume ipo nje ya njia ambayo kamera inapita. Kuchungulia hakuigusi.

"Lazima ulale njaa"

Inategemea kamera ipi. Kwa ile laini yenye jeli, kwa kawaida unakunywa chai yako kama siku zote. Kwa sindano ya mgongoni au usingizi, utaambiwa usile kwa saa 6 hadi 8. Ulizia mapema, maana mtu aliyetoka Liwale au Newala akala chapati njiani anaweza kuahirishwa. Mwambie daktari kama unameza aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Kama mkojo unachoma na una homa siku hiyo, sema. Maambukizi hutibiwa kwanza.

"Nikitoka nakojoa moto, wameniharibu"

Kuchoma na mkojo wa rangi ya waridi kwa siku moja au mbili ni kawaida. Kunywa maji ya kutosha. Aliyekatwa kinyama anaweza kuona damu kwa siku zaidi, na asibebe magunia ya korosho hadi daktari amruhusu. Yasiyo ya kawaida ni haya: umebanwa lakini mkojo hautoki, homa ya nyuzi 38 au zaidi na kutetemeka, au damu nyekundu yenye mabonge. Rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

"Wakikata kinyama wanaiamsha saratani"

Kama ipo, ilikuwepo kabla ya kamera. Kwa yule mkulima, kamera ilionyesha mabaka ya njano kama mchanga, ambayo ni mayai ya zamani, na pembeni yake kinundu chekundu. Kinundu cha namna hiyo kinaweza kuwa uvimbe wa kichocho usio saratani, na kinaweza kuwa saratani. Kwa jicho peke yake vinafanana mno, hata daktari mzoefu hapaswi kuapa. Kinyama hupelekwa maabara na majibu yanaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kabla ya kuondoka uliza tarehe ya majibu na nani anakaa nayo, kisha omba nakala ya maandishi ya kile kilichoonekana kwenye kamera. Ukipewa rufaa ya kwenda Muhimbili, nenda na karatasi hiyo pamoja na majibu ya kinyama.